Jina Lililosomwa Kwenye Kibanda cha Funguo

Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa, Mama Funguo hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Alimwita Fundi mbele za watu, na wakiwa peke yao alimwita "wewe," kwa sauti ambayo majirani hawakupaswa kuisikia. Ndivyo alivyolelewa. Bibi yake alimfundisha kwamba jina la mume halichezewi mdomoni kama bigijii, na yeye, mbishi kwa mambo mengine yote, hili alilishika mpaka likawa kama kovu, halimuumi wala halimtoki.

Kwa hiyo Fundi alipofariki, kilichomtesa mjane huyu si kitanda kitupu peke yake. Hicho alikitarajia, na mashangazi walikuwa wamekwisha mwonya. Kilichomtesa ni kwamba nyumba nzima haikuwa na mtu wa kulitaja lile jina. Yeye hawezi, watoto walimwita baba, wageni walisema "marehemu," neno linalomfaa kila mtu na lisilomtaja yeyote. Angalikwisha kulisahau sikioni kama si kibanda.

Kibanda chenyewe ni cha mabati, kipo mwisho wa safu ya tatu sokoni, kati ya muuza ndoo na duka la fotokopi. Ndani mna stuli mbili, mashine ya kuchongea funguo, ukuta uliojaa misumari, na kila msumari umebeba funguo ambazo hazijachongwa, alizoziita Fundi "mbichi." Mbele, juu ya ubao, Fundi mwenyewe alipigilia karatasi ndani ya plastiki: mraba wenye madoa meusi, QR ya malipo aliyopewa na kampuni ya malipo ya simu alipojisajili. Ilikuwa QR ya kudumu, ile moja tu, usiku na mchana, mvua na jua. Miaka minne ilikuwa pale. Plastiki ilikwisha pasuka pembeni na kuwa njano kama meno ya mvuta tumbaku, lakini simu ya mteja ikielekezwa tu, inaisoma.

Mteja akishaskani, anaandika mwenyewe kiasi anachodaiwa, maana karatasi haijui umechonga ufunguo mmoja au kumi. Kisha simu inamwonyesha jina la mpokeaji, na hapo ndipo anaweka namba yake ya siri. Fundi, mtu asiyemwamini hata ndugu yake na mizani, aliweka sheria: kabla ya namba ya siri, soma jina kwa sauti. "Jina likiwa langu, pesa ni yangu," alikuwa akisema. "Likiwa la mwingine, mimi na wewe tutatafutana bure."

Wateja walizoea. Fundi akafa, sheria ikabaki. Mjane wake, aliyejifunza kuchonga kwa kusimama nyuma ya bega la mumewe, akakalia stuli ile ile, akafunga aproni ile ile, na kutwa nzima watu wazima kwa vijana wakawa wanamsomea majina yote matatu ya mumewe, tena vizuri, kama wanaitana shuleni.

"Ni huyu?" wanauliza.

"Ndiyo, huyo huyo," anajibu.

Mara thelathini kwa siku, na mwisho wa mwezi hata hamsini. Laini ya marehemu aliiweka kwenye simu ndogo, simu akaiweka kwenye droo, namba ya siri aliijua. Kampuni hakuiambia kitu. Hakuwa mwizi, na mimi nasema hivyo mapema kabla hujamkunjia uso. Kazi ilikuwa yake, funguo zilikuwa zake. Alichokuwa anakiiba, kama tuseme ni wizi, ni lile jina.

Basi mwezi wa kumi na moja tangu msiba akaja Binti Kizibao. Ndivyo soko lilivyomwita yule wakala wa kampuni ya malipo, kwa sababu ya kizibao chake cha manjano ambacho kingemtosha baba yake. Alikuwa mpole, anasalimia vizuri, na alikuwa na habari mbaya: kuna watu wanapita masokoni wakibandika QR zao juu ya QR za wenye vibanda. Mteja analipa, pesa inakwenda kwa mwizi, mwenye kibanda anabaki anatoa macho.

"Ndiyo ubaya wa hii ya kudumu, mama," alisema, akiigonga ile karatasi kwa kucha. "Imebeba namba ya akaunti basi. Haibadiliki, haiishi muda, mtu yeyote anaweza kuipiga picha au kuifunika. Sasa tunaleta ya mara moja. Hii inatoka kwenye simu yako. Mteja akinunua, unaandika wewe kiasi, simu inatengeneza msimbo wa biashara ile ile tu. Yeye anaskani, anakuta kiasi kimeshajaa, anaweka namba ya siri. Akishalipa, simu yako inakwambia imelipwa, na msimbo umekufa. Asipolipa ndani ya dakika tatu, umekufa pia. Nani atabandika kitu juu ya kitu ambacho hakikai?"

"Maneno mazuri," alisema Mama Funguo, akijua ni mazuri na akiyachukia.

"Mwenye akaunti yuko wapi, nimbadilishie?"

"Hayupo."

"Atarudi saa ngapi?"

"Hakusema."

Binti aliandika kitu kwenye daftari. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Mama Funguo alikuwa hajasema uongo, na hilo lilimpa ujasiri kidogo. Mwisho wake wakakubaliana afunguliwe akaunti yake mwenyewe, kwa kitambulisho chake mwenyewe, kwenye simu yake kubwa, "huku tukimsubiri mzee." Binti akamwekea programu, akamwonyesha pa kubonyeza, akasema atapita Ijumaa kuona kama vibanda vyote vimekwisha hamia.

Sasa sikiliza akili ya mtu mwenye lake jambo. Mama Funguo alifikiri hivi: wakikuta na mimi nina QR mpya hapa ukutani, wataniacha na ya zamani. Akafungua programu, akaandika mia tano, bei ya ufunguo mmoja wa kawaida, msimbo ukatokea. Akakimbia nao duka la pili kwa Fotokopi, rafiki wa marehemu, mtu mwenye tumbo la kucheka na mikono yenye wino.

"Shemeji, nitolee hii, uifunge kwenye plastiki."

Fotokopi akaipiga picha, akaitoa, akaipitisha kwenye mashine ya plastiki. Ikatoka inang'aa. Mama Funguo akaipigilia kando ya ile kuukuu, akarudi nyuma hatua mbili, akaridhika. Dakika kumi baadaye mwanamke mmoja alikuja kuchonga funguo mbili, akaielekezea simu ile mpya kwa kuwa ndiyo iliyong'aa.

"Inasema msimbo umekwisha muda wake."

"Jaribu tena."

"Imekwisha, mama. Halafu hapa ilikuwa mia tano, mimi nadaiwa elfu."

Fotokopi alikuwa amechungulia. Akaelewa, akaangua kicheko mpaka akashika nguzo. "Shemeji! Hii ni ya mara moja! Ilikwisha kabla plastiki haijapoa! Yaani mimi na wewe tumekaa hapa tumeilaminisha maiti!"

Akasikia mwenyewe alichosema. Kicheko kikakatika, akaanza kujifuta mikono yake ambayo haijawahi kutakata. Mama Funguo alichomoa ile karatasi mpya, akaiweka chini ya mashine kuzuia unga wa shaba, akamwambia mteja atumie ya zamani. Yule mwanamke akaskani, akasoma majina matatu. "Ndiyo, huyo huyo," akajibu Mama Funguo, na moyo ukamtulia.

Siku iliyofuata alipata kazi kubwa. Mwenye nyumba za kupanga alileta vitasa vinane, kila kimoja funguo nne, wapangaji wapya wanaingia kesho. Mashine ilianza kuunguruma asubuhi na haikunyamaza. Wateja wa reja reja walikuja, akawachongea katikati ya kazi ile, wakaskani, wakasoma jina kwa sauti iliyomezwa na makelele, na yeye, macho kwenye jino la ufunguo, akajibu kila mmoja: "Ndiyo, huyo huyo." Hakuhitaji kusikia. Mtu anayejua wimbo hahitaji maneno yote, akisikia tu mdomo unachezacheza, anaitikia.

Saa tisa mashine ikazimwa. Ndipo akaja Mwalimu, mzee mstaafu anayepoteza ufunguo wa posta kila baada ya miezi mitatu na kusingizia wajukuu. Ufunguo wake ulikuwa tayari. Akavaa miwani, akaskani, akaandika kiasi, akasoma.

Lilikuwa jina la mtu mwingine.

"Soma tena, Mwalimu."

Akasoma tena, taratibu. Mtu asiyejulikana, majina mawili, wala si matatu. Mwalimu akanyanyua uso. "Mmebadilisha?"

Mama Funguo alisimama, akaisogelea ile karatasi. Kwa mbali ilikuwa ile ile. Kwa karibu, ule mraba ulikuwa mweupe mno, na ukingo wake ulinyanyuka kidogo juu ya plastiki ya njano. Akafungua droo, akaitazama simu ndogo. Ujumbe wa mwisho wa malipo ulikuwa wa jana jioni. Kutwa nzima haikuingia hata senti.

Pesa ilimuuma, tusidanganyane. Lakini si pesa iliyomfanya akae chini ghafla mpaka stuli ikalia. Aliwakumbuka wale wateja, mmoja mmoja, wakinyanyua simu na kumuuliza kama ndiye huyu, na yeye akiwaitikia. Kutwa nzima mwanamume asiyemjua alikuwa amekaa mahali pa mumewe, na mke mwenyewe akimthibitisha. Alijiona mchafu. Sheria ya Fundi ilikuwa kufuli, naye aliigeuza kuwa wimbo wa kujiliwaza, akaacha mlango wazi.

Alishika ufunguo mbichi akaanza kuikwangua ile stika kwa hasira. Gundi ilikuwa kali, na plastiki kuukuu ilikuwa imekwisha oza kwa jua. Stika ilipobanduka ilibanduka na karatasi yote ya chini, vipande vipande. Akabaki na ufunguo mkononi na ubao mtupu wenye misumari minne.

"Basi, mama," alisema Mwalimu. "Basi."

Alilia pale pale mbele ya wanunuzi wa ndoo. Fotokopi akaja mbio, akaelezwa, akalaani watu wote wenye stika duniani. Halafu Mwalimu, aliyekuwa akipekua simu yake kwa kidole kimoja, akasema, "Hebu tazameni."

Ilikuwa picha ya QR ya Fundi. Mwaka juzi alimtuma jirani achukue funguo, yeye akalipa akiwa nyumbani kwa kutumia picha hiyo. "Sikuwahi kuifuta. Si ni ile ile?"

"Ni ile ile!" Fotokopi aliruka. "Ya kudumu haina asili na nakala, Mwalimu, zote ni moja. Lete!"

Kabla robo saa haijapita, QR mpya ilikuwa imepigiliwa kwenye misumari ile ile. Mwalimu akaskani, akalipia ufunguo wake, akasoma majina matatu kwa sauti ya darasani. Simu ndogo ikalia kwenye droo. Mama Funguo alilisikia lile jina, safari hii alilisikiliza hasa, na furaha aliyoingojea haikuja.

"Shemeji," alimwambia Fotokopi, "hii karatasi inajua kama mwenyewe yupo?"

"Karatasi haijui kitu, shemeji. Inajua namba. Kampuni ndiyo inayotoa jina, na kampuni inajua ulichoiambia."

"Na mimi sikuiambia."

"Hukuiambia."

Ijumaa Binti Kizibao alipita kama alivyoahidi. Alikuwa amesikia habari ya stika. Namba ya yule mwizi ilikwisha zuiwa, alisema, kwa malalamiko ya muuza ndoo, ambaye naye alibandikiwa siku hiyo hiyo. Kisha akaiona QR mpya ya kudumu ubaoni, akahema.

"Mama, hii tena? Wakirudi kesho? Mzee hajarudi, nizungumze naye?"

Angeweza kusema hayupo. Neno lilikuwa tayari ulimini, limekwisha zoea njia. Lakini alikuwa amewaitikia watu kutwa nzima kwa jambo ambalo si kweli, na hakutaka tena kumwitikia mtu hivyo.

"Hatarudi, mwanangu. Alifariki, ni miezi kumi na moja sasa."

Binti alishusha daftari. Hakumfokea. Alisema pole, akaketi kwenye stuli ya pili, ile ambayo wateja hawaikalii. Kisha akasema lile aliloajiriwa kulisema: akaunti ya aliyefariki haiwezi kuendelea kupokea, lazima ifungwe, na ni mwenzi wake wa kwenda ofisini, na cheti cha kifo na cha ndoa.

"Nikiifunga, hii karatasi itafanyaje?"

"Itaskaniwa, mama. Ila haitampata mtu."

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Feni lilizunguka, watu walikuwa wamekaa na namba mkononi. Ilipofika zamu yake, alisukuma bahasha chini ya kioo. Karani, kijana aliyenyoa vizuri na mwenye mafua, alivitoa vyeti, akavipanga, akaweka vidole juu ya kibodi.

"Jina kamili la mwenye akaunti?"

"Limeandikwa hapo."

"Naliona, mama. Ni utaratibu, mfunga akaunti analitaja mwenyewe. Tunarekodi."

Mama Funguo alifungua mdomo. Alikuwa amelisikia mara thelathini kwa siku, kwa sauti za wauza samaki na za wanafunzi, za walevi na za mapadri. Alilijua lilivyopanda na lilivyoshuka. Ulimi wake haukuwahi kulitamka hata mara moja. Alitazama kaunta, akamkumbuka bibi yake, kisha akamkumbuka mumewe, nyuma ya mashine, akipuliza unga wa shaba kwenye ufunguo na kuushika juu ya mwanga. Akalitaja.

"Samahani, mama, haya masikio yameziba. Rudia kidogo, kwa nguvu."

Akalirudia kwa nguvu, majina yote matatu. Mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alinyanyua kichwa kana kwamba ameitwa. Karani akaandika, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena.

"Tayari. Nimemfunga."

Akampa fomu ya warithi kwa kile kidogo kilichobaki, akamwelekeza mahakama ipi. Mama Funguo aliikunja, akaitia kwenye pochi. Kwenye ngazi alisimama akishika ukuta. Miaka kumi na tisa alimtunzia mumewe jina lake, na siku alipolitoa mdomoni alilitoa ili lifutwe. Alitamani angalimwita hata mara moja tu akiwa hai, hata kwa ugomvi, aone angegeuka vipi.

Alipofika kibandani alimwomba Fotokopi aiskani ile karatasi. Fotokopi hakutaka. Akaomba tena. Simu ilifikiri kidogo, ikaandika kwamba mpokeaji huyu hapatikani. Plastiki ilikuwa bado mpya, haina hata mkwaruzo. Mama Funguo aliing'oa misumari kwa koleo, mmoja mmoja, akaitia karatasi kwenye droo pamoja na simu ndogo iliyozimwa.

Mteja wa kwanza alikuwa msichana wa saluni, ufunguo mmoja. Mama Funguo alichonga, akaulainisha kwa tupa, akaujaribu kwenye kufuli. Kisha akachukua simu yake kubwa, akaandika mia tano, msimbo ukatokea, akaushika mbele yake kwa mikono miwili. Msichana akaskani. Kiasi kilikuwa kimejaa, hapakuwa na cha kuandika. Lakini alikuwa mteja wa siku nyingi, kazoea sheria ya pale, akalisoma jina kwa sauti. Lilikuwa jina la mwanamke.

"Ni huyu?"

Mama Funguo alitazama ubao, misumari minne haikuwapo tena, mashimo yake tu.

"Ndiyo," alisema. "Kabaki huyo."